Alama Kumi za Ulimi

Mwalimu Itidal alikuwa na ugonjwa ambao wenzake katika shule ya wasichana pale mjini Karak walishauzoea: hakuweza kuvumilia kitenzi kisichopimika. Ukimwonyesha andalio la somo lililoandikwa "mwanafunzi ajue", atakuuliza wewe utajuaje kwamba amejua. Ukiandika "mwanafunzi ahisi uzito wa amana", atataka kujua uzito huo unaupimia mizani ipi. Yeye aliandika abainishe, alinganishe, atoe mifano mitatu, atetee kwa ushahidi. Walimu wapya walimwendea na maandalio yao kwa hofu, na wakongwe walimkwepa kabisa.

Miaka kumi na minne alikuwa amefundisha elimu ya dini katika shule hiyohiyo, na sasa bahati ilikuwa imemgeukia. Msimamizi wa somo katika shule za wasichana wilayani alikuwa amestaafu, na ofisi ya elimu ilitangaza nafasi yake. Kila mwombaji alitakiwa kuandika mada moja kamili: malengo ya kila somo yakilingana na mtaala wa taifa, jedwali la utahini, mtihani, kazi ya vitendo, na ushahidi kwamba mada hiyo imejaribiwa darasani. Nakala zilipelekwa Jumapili, na ushahidi wa majaribio ungeletwa mbele ya kamati. Kamati ingekaa Alhamisi. Kati ya waombaji watano, watu walishaanza kumwita Itidal "msimamizi" kwa utani, naye alikuwa akikataa kwa mdomo tu, moyoni anameremeta.

Mada yake ilikuwa ya darasa la nane, Maadili ya Ulimi, yenye masomo manne: ukweli, kutunza siri, kusengenya na kuomba radhi. Malengo mengi yalimtoka kama maji. Lililomsumbua ni moja. Mtaala wenyewe, mweusi kwenye mweupe, ulisema kwamba kufikia mwisho wa mada mwanafunzi "aepuke kusengenya katika mwenendo wake". Sasa utapimaje kuepuka? Utamfuata msichana nyumbani kwao umkalie chini ya kitanda?

Aliyemtoa kwenye mkwamo huo alikuwa Ustadh Raddad, msimamizi wa somo katika shule za wavulana, mzee mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na kalamu tatu mfukoni. Ofisi ilikuwa imempa kazi ya kumlea Itidal katika maandalizi na kuingia naye mbele ya kamati.

"Binti yangu, jambo jepesi hili," alimwambia. "Wape karatasi ya siku saba. Kila jioni msichana aandike leo kasengenya mara ngapi. Asiyesengenya kabisa, alama kumi. Kila akisengenya mara moja, toa moja. Usishuke chini ya mbili, maana kujaza karatasi nako ni kazi. Iite Daftari la Ulimi."

Itidal alilipenda papo hapo. Lengo likanyooka: "Mwanafunzi apitishe siku saba mfululizo bila kusengenya hata mara moja." Kitenzi kipo, muda upo, kiwango kipo. Alilisoma mara mbili kwa sauti akiwa peke yake jikoni, na tuseme ukweli, alijipenda.

Jumatatu asubuhi matokeo ya Daftari la Ulimi yalikuwa mezani kwake katika chumba cha walimu, karibu na jiko la gesi lililokuwa likihangaika na baridi. Wanafunzi thelathini na wanne. Ishirini na saba walipata kumi. Sita walipata tisa. Mmoja alipata mbili.

"Wastani tisa nukta sita!" alimwambia Marlin, mwalimu wa hesabu, aliyekaa meza ya pili akichovya kaki ya ufuta kwenye chai ya majani ya maramia. "Somo zima la kusengenya limeingia kichwani mpaka kwenye mifupa. Hii naiweka ukurasa wa kwanza wa ushahidi."

Marlin alikuwa Mkristo, mwanamke wa maneno ya haraka, na rafiki wa Itidal tangu walipoajiriwa mwaka mmoja. Alikuwa amemsaidia kupiga hesabu za jedwali la utahini: vipindi vinane vya mada, vitatu kati yake vya kusengenya, kwa hiyo somo hilo lichukue asilimia thelathini na saba na nusu ya mtihani, yaani alama saba na nusu katika ishirini, na kwa kuwa robo ya mtihani ni maswali ya kufikiri kwa kina, basi alama kama mbili za kusengenya ziwe za kufikiri. Mambo hayo Marlin aliyafanya huku akitafuna. Sasa aliivuta karatasi ya matokeo.

"Subiri. Wasichana ishirini na saba wa darasa la nane," alisema taratibu, "siku saba, hawajamsema mtu?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Na Lujayn naye kumi?"

"Kumi."

Marlin aliiweka kaki chini. "Lujayn huyu huyu aliyeisambaza habari ya posa ya mwalimu wa sanaa kabla mwalimu mwenyewe hajaambiwa? Mwenzangu, mimi darasa langu limepakana na lako, ukuta ule mwembamba. Kama hao ni mawalii, basi mimi ni askofu."

Itidal alicheka, lakini si sana. Alimwambia Marlin aendelee na pembetatu zake, awaachie wenyewe dini yao. Ilikuwa ni kauli ya utani wao wa kila siku. Hata hivyo siku hiyo ilitoka na ukali kidogo, na wote wawili waliusikia.

Jumanne baada ya kipindi cha mwisho, Tuqa alibaki darasani. Ndiye mwenye mbili. Msichana mrefu, mkimya, anayekaa safu ya nyuma karibu na dirisha, na ambaye katika mtihani wa maandishi alikuwa amepata kumi na tisa kati ya ishirini. Alikuja mpaka mezani akiwa ameshika karatasi yake.

"Mwalimu, samahani. Naomba nielewe alama zangu."

Itidal aliichukua. Siku ya kwanza mara sita. Siku ya pili mara tisa. Jumla ya wiki, arobaini na tatu. Kila mara iliandikwa ilikuwa wapi: kwenye basi la shule, kwa shangazi, kwenye simu. Majina hayakuwepo.

"Kigezo kiko wazi, Tuqa. Kila mara moja, alama moja. Wewe umefika arobaini na tatu. Hata hizo mbili ni huruma."

"Najua, Mwalimu. Ila ulituambia ukisema jambo la mtu ambalo hataki lisemwe, hata kama ni kweli, ni kusengenya. Nikawa nahesabu hivyo. Sikujua kwamba ni mengi hivyo mpaka nilipohesabu."

"Basi umejua sasa. Jirekebishe."

"Naam, Mwalimu." Msichana hakuondoka. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Wenzangu walijaza zote siku ya kukusanya, asubuhi, kwenye basi. Wakaniambia na mimi niandike sifuri, we mjinga nini. Nikasema somo la kwanza la mada ni ukweli. Mama ameuliza kwa nini nimepata mbili kwenye dini. Nimwambie nini?"

Itidal alijibu kitu, hata yeye hakukumbuka baadaye alijibu nini. Pengine kwamba atalitazama. Tuqa alishukuru kwa adabu akaenda zake. Mwalimu alibaki na karatasi ile mkononi, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Alikuwa ameandika somo la kwanza la kufundisha ukweli, na somo la tatu la kuuadhibu. Wasichana thelathini na watatu walikuwa wameelewa vizuri sana kilichokuwa kinapimwa pale, na mmoja tu ndiye aliyechukulia kwamba mwalimu anasema anachomaanisha.

Alimkuta Marlin kwenye chumba cha walimu akijifunga skafu ya kwenda nyumbani. Akamsimulia yote, kisha akaomba radhi kwa lile neno la jana.

"Lishapita hilo," alisema Marlin, akaifungua tena skafu na kukaa. "Ila nikwambie kitu usinikasirikie. Mimi nakwenda kuungama kwa padri. Nakaa pale nayamwaga yote, mpaka ninavyomsema mama mkwe. Unajua kwa nini nayamwaga? Kwa sababu Abuna, padri wetu, hana kalamu. Angekuwa ananipa alama, wallahi ningekuwa mtakatifu kila Jumapili."

Itidal alijishika kichwa. Jambo ambalo angepaswa kuliona yeye kwanza, yeye aliyesoma dini chuo kikuu miaka minne, alikuwa anaambiwa na mwalimu wa hesabu wa dini nyingine. Kwa maana kwao Waislamu wenyewe limeandikwa, na yeye mwenyewe analifundisha darasa la kumi kila mwaka: dhambi ambayo Mungu amemsitiria mja wake, mja asitoke asubuhi akaitangaza. Naye alikuwa amewachapishia wasichana wa watu fomu ya kuitangaza, yenye safu ya tarehe na nafasi ya sahihi ya mzazi.

"Nimekwisha," alisema. "Nakala ziko ofisini tangu Jumapili. Marekebisho yoyote baada ya hapo yanakatwa alama, imeandikwa kwenye tangazo. Na ushahidi wangu wote wa majaribio ndio huu."

"Basi usiseme kitu. Alhamisi uingie na wastani wako wa tisa nukta sita, utoke msimamizi, halafu ukiwa msimamizi ulitengeneze."

Ushauri huo ulikuwa mtamu, na Itidal aliuzungusha kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani. Upepo wa Karak ulikuwa unampiga usoni, naye hausikii. Akishakuwa msimamizi, kweli, anaweza kuandika waraka mmoja tu na mambo yakaisha. Lakini mada iliyopita mbele ya kamati ndiyo huwa mfano. Huchapwa, hupelekwa shule zote za wilaya pamoja na kazi zake, na walimu wenye vipindi ishirini na nne kwa wiki huichukua kama ilivyo. Kabla waraka wake haujafika, wasichana wangapi wangekuwa wameshafundishwa kwamba katika dini mwongo anapata kumi? Alifika nyumbani akiwa na hasira, na hasira nyingi ilikuwa juu yake mwenyewe.

Alisukuma vyombo pembeni ya meza ya jikoni, akachukua kalamu nyekundu na kulikata lile lengo alilolipenda. Halafu akakaa. Kukata ni rahisi. Maneno ya mtaala yalibaki pale pale, aepuke kusengenya katika mwenendo wake, na kamati ingemuuliza ameyapeleka wapi.

Aliandika na kufuta mpaka chai ikapoa mara mbili. Kilichomfungua ni swali alilowahi kuulizwa na jirani: kijana amemposa binti wa watu, na wewe unajua kwamba kijana huyo aliwahi kumpiga mke wa kwanza, wazazi wa binti wanakuja kukuuliza. Ukisema, umesengenya? Wanazuoni wamesema hapana, mtu akiombwa ushauri wa ndoa aseme anachojua kwa kiasi kinachohitajika, asizidishe. Na mwenye kudhulumiwa akimshtakia hakimu? Naye hasengenyi. Basi hapa ndipo penye kufikiri, na kufikiri kunaonekana kwenye karatasi.

Lengo jipya likatoka hivi: "Akipewa kisa ambacho hajawahi kukisoma, mwanafunzi aamue kama maneno yaliyosemwa ni kusengenya au la, na autetee uamuzi wake kwa sababu mbili, moja ikiwa ni kutoka aya au hadithi ya mada hii." La pili: "Katika igizo la watu watatu, mwanafunzi atoe kauli ya kuyageuza mazungumzo ya kusengenya bila kumfedhehesha msemaji." Kila moja kati ya hayo mawili akalipa alama kumi, na vigezo vya kusahihisha akaviandika ngazi kwa ngazi: anayetoa uamuzi mtupu bila sababu apate moja tu, hata kama uamuzi ni sahihi, anayetoa sababu mbili zinazohusu kisa chenyewe apate zote, hata kama mwalimu angeamua vingine, ilimradi ushahidi wake unasimama.

Na kuepuka je? Aliliacha lengo la mtaala kama lilivyo, mbele yake akaandika: hufundishwa, hufuatiliwa na mwanafunzi mwenyewe, halipewi alama. Karatasi ya siku saba akaibakiza, lakini akaondoa sahihi ya mzazi, akaondoa jina, na chini akaandika kwamba mwalimu haikusanyi.

Jumatano aliingia darasa la nane akasimama mbele ya meza, si nyuma yake.

"Alama za Daftari la Ulimi nimezifuta," alisema. "Zote. Kazi ile niliiandika vibaya. Iliwapa faida waliodanganya ikamwumiza aliyesema kweli, na hilo ni kosa langu, si lenu. Na kuna mambo ya mtu na Mola wake ambayo sikuwa na haki ya kuyaomba kwa maandishi."

Wasichana walitazamana, walimu waliokosea wameshawaona wengi, ila wanaokiri ni wachache. Kule nyuma Tuqa alikuwa amelikodolea macho dawati lake.

"Mwalimu," aliuliza mmoja, "kwa hiyo zile kumi zetu zinaondoka?"

"Zinaondoka."

"Ah, jamani!"

Darasa likaangua kicheko, na Itidal akacheka nao. Kisha akawagawia kisa cha posa. Ndani ya dakika kumi chumba kilikuwa kinawaka. Wengine walisema ni lazima useme, wengine wakasema sitara ni sitara, mmoja akauliza kama kijana yule ametubu je, na Tuqa, ambaye tangu mwaka uanze hajawahi kunyoosha mkono, alisimama akasema kwamba wazazi wameuliza habari ya ndoa tu, kwa hiyo aliyeulizwa ataje mkono wa kijana wa kupiga, asitaje na madeni ya baba yake. Mwisho kila mmoja aliandika uamuzi wake, na Itidal alisahihisha karatasi thelathini na nne jioni ile. Wastani ulikuwa sita na nusu. Hajawahi kuipenda sita na nusu namna hiyo.

Lakini kabla ya hapo, kengele ilipolia, Lujayn alichelewa kutoka. Alijizungusha mezani, akasogeza chaki, akairudisha.

"Mwalimu, ile karatasi ya siku saba, unayo tupu?"

"Ninayo."

"Na kweli huikusanyi?"

"Siikusanyi."

Msichana aliichukua, akaikunja mara nne na kuitia ndani ya soksi, akakimbia.

Ustadh Raddad alizipata habari Alhamisi asubuhi, kwenye korido ya ofisi ya elimu, dakika ishirini kabla ya kuitwa. Alizisoma kurasa mpya akiwa amesimama, na kila ukurasa uso ulizidi kujikunja.

"Binti yangu, umejichongea mwenyewe. Mada ilikuwa imekamilika. Kila lengo na kipimo chake. Sasa umeacha lengo la taifa linaning'inia bila alama!"

"Linaning'inia kwa sababu halikamatiki kwa alama, Ustadh. Ukilikamata linageuka kuwa kitu kingine."

"Na umewaeleza watoto kwamba umekosea?"

"Ndiyo."

"La haula!" Alimrudishia kurasa kana kwamba zimemchoma, akaenda kusimama dirishani akimpa mgongo. Itidal alimwonea huruma kidogo, na kumwogopa zaidi. Neno la mlezi mbele ya kamati lilikuwa na uzito wa nusu ya kila kitu.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, lakini aliyehesabika ni mwenyekiti, Daktari Nihaya, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba aliyesifika kwa kusoma mpaka tanbihi. Wawili wengine walikuwa wanakunywa kahawa. Itidal aligawa kurasa mpya na kusema tangu mwanzo kwamba zimechelewa, na kwamba majaribio ya kwanza yalishindwa. Akaeleza yaliyotokea bila kumtaja Tuqa kwa jina. Akaonyesha matokeo yote mawili, tisa nukta sita na sita na nusu, moja kando ya jingine.

Daktari Nihaya alisikiliza hadi mwisho. "Mtaala unasema aepuke. Wewe unanipa aamue na atetee. Je, hujalishusha lengo? Kesho nikuletee msichana anayejitetea kwa hoja tamu huku anawasema watu mchana kutwa?"

"Atakuwepo, Daktari. Sitakudanganya. Kwa kipimo changu atapata kumi ya kufikiri, na hiyo kumi itakuwa ya kweli, kwa sababu kufikiri nimekuona. Kwa kile cha zamani angepata kumi ya ucha Mungu, na hiyo nisingekuwa nimeiona popote. Lengo la kuepuka nimelibakiza. Tunalifundisha kwa nguvu zote. Ila anayelisahihisha si mimi."

Mmoja wa wanywa kahawa alitabasamu kwenye kikombe chake. Daktari Nihaya hakutabasamu. Aliivuta fomu ya tathmini ya mwombaji.

"Kuchelewa nakukata, hiyo ni sheria. Sasa kuna kipengele kingine hapa: makosa ya kitaalamu katika uandaaji wa vipimo. Kosa hili ni kubwa. Mwalimu wa miaka kumi na minne kupima uadilifu kwa fomu ya kujishtaki! Nani alilibuni Daftari la Ulimi?"

Jibu lilikuwa limekaa kiti cha pembeni yake, na kalamu tatu mfukoni. Kulisema kungekuwa kweli tupu, na kipengele kile kingebaki cheupe. Lakini aliyelisoma lile lengo jikoni kwa sauti akajipenda alikuwa nani?

"Kazi hiyo iko ndani ya mada yangu," alisema. "Niliiandika, nikaitia sahihi, nikaigawa darasani. Kosa ni langu."

Daktari Nihaya alitikisa kichwa na kuanza kuandika.

"Hapana," alisema Ustadh Raddad.

Kalamu ilisimama. Mzee alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti, na sauti yake ilitoka kavu.

"Ni langu hilo. Nililibuni mimi, nikampa yeye, naye akanitii kwa sababu mimi ni mkubwa. Hata leo asubuhi nimemgombeza kwa kulitoa. Andika kwangu."

Wanywa kahawa waliacha kunywa. Daktari Nihaya alivua miwani, akamtazama mzee ambaye kwa miaka mingi alikuwa amekaa upande wake wa meza ile ile.

"Umelitumia kwingine, Ustadh?"

Angeweza kusema shule mbili tatu. Nani angekwenda kuhakiki? Itidal akaona midomo ya mzee inatembea chini ya ndevu, anahesabu shule moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayeogopa kuisahau hata moja.

"Kumi na saba," alisema. "Miaka sita."

Itidal alitamani kumshika mkono, lakini alijizuia, akaishia kumsogezea glasi ya maji. Mzee aliinywa yote.

Daktari Nihaya alivaa miwani yake. Alikata alichokuwa ameanza kuandika kwenye fomu ya Itidal, akavuta karatasi tupu, akaandika mistari michache kisha akaizungusha juu ya meza ili wote wawili waisome.

"Shule kumi na saba ni nyingi," alisema. "Mtaanza Jumapili. Ustadh, wewe utawaeleza walimu kwamba kazi imefutwa na kwa nini, kama ulivyotueleza sasa hivi. Msimamizi, wewe utawafundisha hii mpya."

Ustadh Raddad aliinamisha kichwa kukubali. Itidal alikuwa bado anaitazama karatasi, na ilibidi aisome tena kabla hajaelewa ni nani aliyeitwa Msimamizi.